Kwa nini Ngũgĩ hugeuka kuwa NgÅ©gÄ©

Wasomaji, hebu tazameni mistari hii miwili:

```
Ngũgĩ wa Thiong’o
NgÅ©gÄ© wa Thiongâ€™o
```

Wa kwanza ni jina la mwandishi tunayemjua sote. Wa pili ni jina lile lile, kutoka faili ile ile, bila biti hata moja kubadilika. Wengi wakiona vituko kama hivi husema faili imeingiwa na virusi, au fonti ni mbovu. Sivyo. Faili ni nzima kabisa, ila programu imeisoma kwa jedwali lisilo lake. Ili tuelewe majedwali haya yalitoka wapi, inabidi turudi nyuma kidogo.

Tarakilishi haijui herufi, inajua namba tu. Kwa hivyo lazima watu wakubaliane kwamba namba fulani ni herufi fulani. Mwaka 1963 Wamarekani walitoa jedwali linaloitwa ASCII, lenye nafasi 128, ambamo A ni 65, B ni 66, na kuendelea. Lilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Kiswahili kilibahatika kwa sababu herufi zake zote zimo humo. Lakini Kikuyu kina irabu saba, na ili kuziandika zote huongeza alama ya kiwimbi juu ya i na u, tukapata ĩ na ũ. Kikamba nacho hutumia herufi hizo. ASCII haikuwa na nafasi yao.

Baiti moja hubeba namba 256, kwa hivyo juu ya zile 128 za ASCII zilibaki nafasi nyingine 128. Kila eneo likazijaza lilivyotaka. Jedwali la Ulaya Magharibi, ISO 8859-1, lilitoka mwaka 1987. Lilikuwa na ã na õ za Wareno, na ñ ya Wahispania, lakini kiwimbi juu ya i na u hakikuwamo. Windows za hapa kwetu zilikuja na Windows-1252, binamu wa jedwali hilo, nayo pia haikuwa nazo. Ndipo waandishi wengi wakatumia û na î, ambazo zilikuwamo, na mpaka leo utakuta kurasa zilizoandikwa Gîkûyû.

Cha kushangaza ni kwamba ĩ na ũ zilikuwapo katika jedwali jingine. Mwaka 1988 ilitoka ISO 8859-4, iliyokusudiwa lugha za kaskazini mwa Ulaya kama Kiestonia, Kilatvia na Kilituania, pamoja na lugha ya Grinilandi. Tahajia ya zamani ya Grinilandi ilitumia viwimbi hivyo hivyo, basi mwandishi wa Kikuyu angeweza kuandika lugha yake sawasawa kwa jedwali la nchi ya barafu. Shida ni kwamba hakuna mtu hapa kwetu ambaye programu yake ingeisoma faili hiyo ipasavyo. Katika jedwali hilo ũ ni namba 253 na ĩ ni 181. Katika Windows-1252 namba hizo ni ý na µ. Ngũgĩ angefika kwa msomaji akiwa `Ngýgµ`.

Suluhisho lilikuwa kuwa na jedwali moja la dunia nzima. Toleo la kwanza la Unicode lilitoka mwaka 1991, na humo ũ ni namba 361 na ĩ ni 297. Namba hizi zimezidi 256, kwa hivyo hazienei katika baiti moja. Septemba 1992, Ken Thompson na Rob Pike wa maabara ya Bell walibuni njia ya kuzigawa walipokuwa wakila katika mkahawa mmoja huko New Jersey, na Thompson akaichora juu ya kitambaa cha karatasi cha mezani. Njia hiyo ndiyo UTF-8. Herufi za ASCII hubaki na baiti moja kama zamani. Nyingine hupewa baiti mbili, tatu au nne.

Sasa tuifanye ũ kwa mkono. Namba 361 katika biti ni 00101101001. UTF-8 huikata vipande viwili, 00101 na 101001. Kipande cha kwanza huwekewa 110 mbele, cha pili huwekewa 10:

```
ũ = 361 = 00101 101001  ->  11000101 10101001  =  C5 A9
ĩ = 297 = 00100 101001  ->  11000100 10101001  =  C4 A9
```

Ukifungua Windows-1252 uangalie, C5 ni Å, C4 ni Ä, na A9 ni ©. Hiyo ndiyo siri ya `NgÅ©gÄ©`. Alama ya © inajirudia kwa sababu herufi zote mbili zina mkia mmoja, 101001.

Tusidhani Kiswahili kimepona, maana kuna ng'. Ukiandika ng'ombe katika Word, mara nyingi programu hukubadilishia ile alama iliyonyooka na kuweka iliyopinda, ’. Hiyo haimo katika ASCII. Katika UTF-8 ni baiti tatu, E2 80 99, na Windows-1252 huzisoma kuwa â, € na ™. Ndipo unapata `ngâ€™ombe`.

Je, ukikuta uharibifu utajuaje kama unatibika? Tazama alama zenyewe. Ukiona Å© au â€™, hiyo ni UTF-8 iliyosomwa kwa jedwali la zamani. Funga faili bila kuhifadhi, kisha ifungue upya ukiiambia programu kuwa ni UTF-8. Kama mtu alishahifadhi makosa hayo, bado kuna njia katika Python:

```python
"NgÅ©gÄ©".encode("cp1252").decode("utf-8")
```

Ukiona � basi ni kinyume chake: programu ilitarajia UTF-8 ikakutana na baiti za jedwali la zamani. Hapo pia usihifadhi. Tafuta jedwali la asili kwanza.

Cha kuogopa ni `Ng?g?`. Hapa programu ililazimishwa kuandika ũ na ĩ mahali pasipo na nafasi yao, ikaweka alama ya kuuliza. Herufi mbili tofauti zimekuwa baiti moja ile ile, 3F, na hakuna amri itakayokuambia ipi ilikuwa ipi. Programu nyingine hufanya kimyakimya zaidi: hutoa kiwimbi na kuandika Ngugi. Hiyo haionekani kama kosa, kwa hivyo hakuna atakayeitafuta, na jina la mtu linabaki kwenye rejista likiwa limekosewa.

Ukitengeneza mfumo wowote wa kuandikisha watu, basi, fanya jaribio hili kabla haujaanza kutumika. Ingiza jina Ngũgĩ, litoe kama faili, ulirudishe ndani, kisha uhesabu baiti zake:

```
$ printf 'Ngũgĩ' | xxd -p
4e67c5a967c4a9
```

Lazima ziwe saba. Zikiwa tano, pengine mfumo umevua viwimbi, au umeweka alama za kuuliza, au umehifadhi kwa jedwali la zamani. Zikizidi saba, pengine umesimba UTF-8 mara mbili. Vyovyote iwavyo, ni heri ugundue kwa jina moja la majaribio kuliko kwa majina elfu kumi ya watu.