Maelekezo ya Kidonda cha Upasuaji Mdogo Yaandikwe kwa Siku na kwa Dalili

Mgonjwa aliyeondolewa uvimbe wa mafuta mgongoni huruhusiwa kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mara nyingi karatasi anayopewa husomeka hivi: “Weka kidonda katika hali ya usafi. Rudi hospitali uonapo dalili za maambukizi.” Sentensi ya pili inamtaka mgonjwa atambue jambo ambalo hajaelezwa. Matokeo yake ni mawili: mmoja hurudi siku ya pili kwa hofu ya uvimbe wa kawaida, na mwingine hukaa na usaha akidhani kidonda kinajisafisha.

Maelekezo yaliyo bora hutaja kwanza mambo ya kawaida, kwa kufuata siku. Kwa kidonda hicho cha mgongoni, yanaweza kuandikwa hivi:

“Kwa saa 48 za kwanza, usiloweshe kidonda. Katika siku 2 hadi 3 za mwanzo ni kawaida kuona uvimbe kidogo, maumivu yanayotulia kwa dawa uliyopewa, na majimaji machache maangavu au yenye damu kidogo kwenye bandeji. Baadaye kidonda huweza kuwasha, usikikune. Rudi kutolewa nyuzi kati ya siku ya 10 na ya 14, katika tarehe uliyoandikiwa.”

Kisha hufuata dalili za hatari:

“Rudi siku hiyohiyo, bila kusubiri tarehe yako, iwapo maumivu au uvimbe unaongezeka baada ya siku ya 3; iwapo unatoka usaha au harufu mbaya; iwapo kidonda kimeachana; au iwapo una homa ya nyuzijoto 38 au zaidi. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika 10 mfululizo bila kufunuafunua. Isipokoma, nenda hospitali mara moja huku ukiendelea kukandamiza.”

Kigezo kikuu ni mwelekeo wa dalili. Kidonda kinachopona hupungua maumivu na uvimbe siku hadi siku, ilhali maambukizi mara nyingi hujitokeza baada ya siku kadhaa, wakati mgonjwa alitarajia nafuu.

Neno “wekundu” nalo lisiachwe peke yake. Katika ngozi nyeusi wekundu huweza usionekane. Ngozi huiva rangi na kuwa nyeusi zaidi au ya zambarau. Kwa hiyo karatasi imwelekeze mgonjwa, au msaidizi wake ikiwa kidonda kiko mgongoni, kunawa mikono na kugusa ngozi ya pembeni mwa kidonda. Joto, ugumu na maumivu yanayoenea mbali na mshono ni sababu ya kurudi.

Kabla ya kumruhusu mgonjwa, muuguzi amwombe aeleze kwa maneno yake ni dalili zipi zitamrudisha hospitali. Akishindwa kutaja hata moja, aelezwe upya kabla hajaondoka.