Jedwali la Makadirio ya Ujenzi: Namna Idadi ya Tofali na Saruji Inavyopatikana Katika Nyumba Ndogo

Mwananchi anayejiandaa kujenga nyumba ndogo hukabidhiwa, na mkadiriaji majenzi au na fundi, karatasi yenye safu sita: namba, maelezo ya kazi au kifaa, kipimo, kiasi, bei ya kipimo kimoja na gharama. Karatasi hiyo ndiyo jedwali la makadirio. Wengi huisoma kuanzia chini, kwenye jumla, kisha hurudi juu kubishana kuhusu bei. Hata hivyo, bei ni safu inayoweza kuhakikiwa na mtu yeyote kwa kutembelea maduka mawili au matatu ya vifaa vya ujenzi. Safu inayoamua kama nyumba itafika kwenye paa au itasimama kwenye linta ni ile ya kiasi, nayo ndiyo isiyohojiwa.

Kiasi hakikisiwi. Hupimwa kutoka kwenye ramani, na kila tarakimu katika safu hiyo inapaswa kuwa na hesabu nyuma yake ambayo mwandaaji anaweza kuionesha. Ili hesabu hiyo ieleweke, makala haya yanatumia nyumba ya mfano yenye sebule moja na vyumba viwili vya kulala, yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 kwa vipimo vya nje, inayojengwa kwa tofali za saruji za nchi 6. Bei zilizotumika pia ni za mfano. Msomaji anapaswa kuweka bei za eneo lake, kwa kuwa saruji na kokoto hupanda bei kadiri eneo la ujenzi linavyokuwa mbali na kiwanda au machimbo.

Hatua ya kwanza ni kupata urefu wa kuta zote. Mzunguko wa nje ni mita 28, lakini kila kona ikihesabiwa kwa pande zote mbili unene wa ukuta huingia mara mbili. Kwa sababu hiyo mkadiriaji hupima katikati ya ukuta, na kwa ukuta wa sentimita 15 mzunguko huo hubaki mita 27.4. Ndani upo ukuta mmoja wa mita 5.7 unaotenganisha sebule na vyumba, na mwingine wa mita 3.5 unaogawa vyumba hivyo viwili. Jumla ni mita 36.6.

Hapa ndipo kosa la kwanza kubwa hutokea. Baadhi ya waandaaji hupima chumba kimoja kimoja kwa ndani, kisha hujumlisha. Katika nyumba hii wangepata mita 44.6, kwa kuwa kuta za ndani huhesabiwa mara mbili, kila upande kwa chumba chake. Mita 8 za ziada kwa ukuta wa kimo cha mita 2.7 ni takriban tofali 216 zisizo na mahali pa kujengwa. Inafaa kufahamu kwamba kipimo hicho hicho cha mita 44.6 ni sahihi kabisa kinapotumika kukadiria lipu ya ndani, kwa sababu lipu hupigwa pande zote mbili za ukuta wa ndani. Kipimo hakina kosa chenyewe. Kosa ni kukitumia kwa kazi isiyo yake.

Urefu wa mita 36.6 ukizidishwa kwa kimo cha mita 2.7 unatoa mita za mraba 98.8. Kutoka hapo hutolewa nafasi zisizojengwa tofali: milango minne ya mita 0.9 kwa 2.1, madirisha manne ya mita 1.2 kwa 1.2, na mkanda wa linta wenye kimo cha sentimita 20 unaozunguka kuta zote. Kinachobaki ni mita za mraba 78.2.

Tofali ya nchi 6 ina urefu wa takriban sentimita 45, kimo cha sentimita 22.5 na unene wa sentimita 15. Ikisimamishwa, pamoja na udongo wa saruji wa kuunganishia, mita moja ya mraba huchukua tofali 9 na robo. Zikiongezwa tofali 5 kwa kila 100 kwa ajili ya zinazovunjika na zinazokatwa, mkadiriaji huandika 10 kwa mita ya mraba. Kuta za nyumba hii, kwa hiyo, zinahitaji takriban tofali 780.

Msingi una hesabu yake. Mafundi wengi huilaza tofali kwenye msingi ili ukuta uwe mpana, na tofali iliyolazwa hufunika eneo dogo zaidi kwa kimo. Kwa kulaza, mita moja ya mraba huchukua zaidi ya tofali 14. Ukuta wa msingi wa mfano huu una kimo cha mita 1.2 kuanzia juu ya zege la chini hadi usawa wa jamvi, sawa na mita za mraba 43.9, na unahitaji takriban tofali 630. Mwandaaji aliyetumia kanuni ya tofali 10 kwa nyumba nzima angeandika 440. Upungufu wa tofali 190 huonekana mapema sana, ujenzi ukiwa bado chini ya ardhi, na mara nyingi mwenye nyumba humshuku fundi kwa wizi ilhali tofali hizo hazikuwahi kuwemo kwenye jedwali. Maelezo ya mstari huo hayana budi kutaja wazi kama tofali inalazwa au inasimamishwa.

Kwa zege, safu ya kiasi hutegemea mambo mawili, yaani ujazo na uwiano wa mchanganyiko. Zege la chini ya msingi katika mfano huu lina upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 15, sawa na mita za ujazo 3.3. Kwa uwiano wa saruji moja, mchanga tatu na kokoto sita, mita moja ya ujazo hula takriban mifuko minne na nusu ya kilo 50. Jamvi lina eneo la mita za mraba 42.5 na unene wa sentimita 10, sawa na mita za ujazo 4.25, na kwa uwiano wa moja, mbili na nne hula mifuko sita na zaidi kidogo kwa kila mita ya ujazo.

Sehemu ya jedwali inayotokana na vipimo hivyo inaonekana kama ifuatavyo:

| Na. | Maelezo | Kipimo | Kiasi | Bei (Sh.) | Gharama (Sh.) |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | Kuchimba msingi, upana m 0.6, kina m 0.9 | mita za ujazo | 20 | 8,000 | 160,000 |
| 2 | Saruji ya zege la msingi | mfuko wa kilo 50 | 15 | 16,000 | 240,000 |
| 3 | Tofali za nchi 6, msingi, za kulaza | tofali | 630 | 1,500 | 945,000 |
| 4 | Saruji ya zege la jamvi | mfuko wa kilo 50 | 28 | 16,000 | 448,000 |
| 5 | Mchanga wa zege | mita za ujazo | 3.5 | 25,000 | 87,500 |
| 6 | Kokoto | mita za ujazo | 7 | 60,000 | 420,000 |
| 7 | Tofali za nchi 6, kuta, za kusimamisha | tofali | 780 | 1,500 | 1,170,000 |
| | Jumla ya sehemu hii | | | | 3,470,500 |

Sehemu hii haijagusa saruji na mchanga wa kujengea tofali, nondo na zege la linta, kifusi na nailoni chini ya jamvi, paa, milango, madirisha, lipu wala ufundi. Katika jedwali kamili kila kimoja kina mstari wake. Kifusi ndicho husahaulika zaidi, kwa sababu huchukuliwa kwamba udongo uliochimbwa utatosha, ingawa sehemu kubwa ya udongo huo hurudishwa pembeni mwa msingi.

Safu ya kipimo nayo inahitaji jicho kali, hasa kwa kokoto na mchanga. Jedwali huandikwa kwa mita za ujazo, lakini muuzaji hutaja lori kwa tani. Mita moja ya ujazo ya kokoto huwa na uzito wa takriban tani moja na nusu. Kwa hiyo lori la tani 7 hubeba chini kidogo ya mita za ujazo 5, wala si 7. Mnunuzi anayelinganisha tarakimu bila kulinganisha kipimo atapungukiwa na zaidi ya mita mbili za ujazo siku ya kumwaga jamvi, siku ambayo kazi haifai kukatishwa katikati. Njia ya uhakika ni kupima bodi ya lori kwa futi kamba, yaani urefu, upana na kimo cha mzigo, kabla haujashushwa. Kadhalika, bei iulizwe kama ni ya dukani au ya kufikishwa kwenye eneo la ujenzi, na jibu liandikwe kwenye jedwali.

Unene wa jamvi ni mahali pengine ambapo makadirio sahihi huharibika wakati wa utekelezaji. Kifusi kisiposawazishwa na kushindiliwa vizuri, zege huzama kwenye mabonde. Wastani wa unene ukiongezeka kwa sentimita mbili na nusu tu, jamvi la nyumba hii hula karibu mifuko saba ya saruji zaidi, sawa na shilingi 112,000 kwa bei ya mfano. Dawa yake ni kupima kina kutoka kwenye kamba iliyonyooshwa kabla ya kumwaga, katika sehemu kadhaa na si pembeni pekee.

Jedwali lililopimwa vizuri humwezesha mwenye nyumba kukagua matumizi bila kusubiri mwisho. Katika mfano huu, kozi moja kamili ya ukuta ni takriban tofali 80, na nafasi za milango minne zikitolewa hubaki 72. Kozi nne hufikisha ukuta chini ya madirisha. Hapo zinapaswa kuwa zimetumika karibu tofali 300, zikiwemo zilizovunjika. Zikiwa zimetumika 350, sababu itafutwe siku hiyo hiyo: ubora hafifu wa tofali zinazovunjika wakati wa kushushwa, ukuta uliojengwa nje ya ramani, au tofali zilizoondoka kwenye eneo la ujenzi. Zikisalia nyingi kuliko kawaida, fundi ameweka udongo mnene mno kati ya tofali, na akiba hiyo italipwa kwa saruji.

Mwishoni mwa jedwali huwekwa fungu la dharura, ambalo kwa kawaida ni asilimia 5 hadi 10 ya jumla. Fungu hilo ni kwa ajili ya mambo yasiyoonekana kwenye ramani, kwa mfano udongo laini unaolazimisha msingi kuchimbwa zaidi. Halikusudiwi kufidia tofali zinazovunjika, ambazo tayari zimo katika kiasi, wala mistari iliyosahaulika.

Mwananchi anayehitaji jedwali lililoandaliwa kitaalamu anaweza kumtumia mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Anapokabidhiwa jedwali, aombe pia karatasi ya vipimo iliyotumika kulitayarisha, ambayo huonesha urefu, upana na kimo cha kila kipengele.