Kodi Inayomfuata Raia Hadi Ng'ambo

Mwaka 1924 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya George Cook, raia wa nchi hiyo aliyekuwa na makazi yake jijini Meksiko. Mali iliyomwingizia kipato ilikuwa Meksiko pia. Hata hivyo mkusanya kodi wa serikali, Galen Tait, alimdai dola 1,193.38. Cook alilipa sehemu ya kwanza huku akipinga, kisha akashtaki arudishiwe fedha zake.

Alishindwa. Majaji walisema serikali humnufaisha raia wake popote alipo, hivyo kinachohalalisha kodi ni uraia wenyewe, hata kama mtu na mali yake wako nje.

Mzizi wa jambo hili ni Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Serikali ya Lincoln ilihitaji fedha, na kufikia mwaka 1864 sheria ilikuwa imewagusa hata raia walioishi ng'ambo. Kodi hiyo ya vita ilikoma mwaka 1872, lakini kodi ya mapato iliporejea mwaka 1913, kanuni ya uraia ilirejea nayo. Vita vilikuwa vimekwisha zamani.

Karibu dunia nzima hufuata ukaazi. Kenya na Tanzania zinaangalia kama una makao nchini na siku ulizokaa, 183 zikiwa kipimo kikuu. Mkenya aliyehamia Dubai moja kwa moja hadaiwi na Nairobi kodi ya mshahara wa huko. Hubaki akidaiwa ya kipato kinachotoka Kenya, mathalani kodi za nyumba anazopangisha. Eritrea imeshika njia ya uraia: huwatoza raia wake walio nje asilimia 2 ya mapato.

Sasa mchukue mwenye uraia wa Kenya na Marekani, aliyerudi Mombasa na kufungua ofisi yake ya uhandisi. Faida yake kwa mwaka ni dola 60,000, na tayari anailipia kodi Kenya. Marekani inamtaka awasilishe ritani kila mwaka. Akikaa nje siku 330 ndani ya miezi 12, anaweza kuondolewa kodi ya mapato kwa kiasi chote hicho. Hapo wengi hudhani wamemaliza. Lakini msamaha huo haugusi mchango wa hifadhi ya jamii wa aliyejiajiri, wala nchi hizo mbili hazina mkataba wa kumwepusha. Anadaiwa takriban dola 8,480. Akaunti zake za benki nje ya Marekani zikifikisha kwa jumla zaidi ya dola 10,000, hata kwa siku moja, lazima azitangaze. Adhabu ya kutotangaza huweza kuwa kubwa hata pasipo kodi yoyote anayodaiwa.

Naona hili ni dhuluma kwa mtu ambaye maisha yake yote yako Mombasa. Kuhama hakumwondoi kwenye daftari. Inambidi aukane uraia, na kama utajiri wake umefika dola milioni 2, kwa kawaida atahesabiwa kana kwamba ameuza mali yake yote siku moja kabla, atozwe kodi ya faida ambayo hajaipokea.