Tembo wa kunywa na tembo mwenye mkonga: jozi za maneno ambazo maandishi yameficha

Sema "mama anapika." Sasa sema "mama anapiga." Sauti moja tu imebadilika, k imekuwa g, na chakula kimegeuka kuwa kipigo. Wanaisimu huziita jozi kama hizi jozi za mlinganuo finyu. Hapa tutaziita jozi finyu, tusichoshane. Ni maneno mawili yanayofanana kila kitu isipokuwa sauti moja, na sauti hiyo ndiyo inayobeba tofauti yote ya maana.

Kwa sisi tuliozaliwa Maskati, Leicester au Minneapolis, jozi finyu ndizo zinazoonyesha sikio letu linakosea wapi. Mtu aliyekulia kwenye Kiarabu, lugha isiyo na p, atababaika kati ya "pasi" na "basi", au "pata" na "bata". Kiarabu hakina v pia, kwa hiyo "fua nguo" na "vua nguo" zinamchanganya, na wote tunajua kwamba hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Shida inakuja pale unapotaka kuzikusanya. Watu wengi hufungua kamusi, wakatafuta maneno yanayotofautiana kwa herufi moja. Lakini herufi si sauti, na historia ya maandishi ya Kiswahili ni historia ya kuonyesha jozi fulani na kuficha nyingine.

Tuanze na maandishi ya zamani. Kabla ya herufi za Kirumi kuenea, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na tenzi na barua nyingi za pwani zimetufikia hivyo. Herufi hizo zilikuwa hodari kwa maneno yenye asili ya Kiarabu. "Dhuru" na "zuru" hazichanganyiki hata kidogo: ya kwanza ina dhad, ya pili ina zai. Kumdhuru shangazi si sawa na kumzuru. "Thawabu" ya Mungu ina tha, na "sawabu", yaani jambo lililo sahihi, ina sad.

Lakini kwa sauti ambazo Waarabu hawana, kalamu ilikwama. Waandishi wengi walitumia ba moja kwa b, kwa p, na hata kwa mb. Fa ilibeba f na v. Kwa hiyo "pata" na "bata" ziliweza kuandikwa sawasawa, na msomaji akajua ipi ni ipi kwa kuangalia maana ya sentensi. Hakuna aliyepotea, kwa sababu aliyesoma alikuwa anazungumza Kiswahili tayari. Ila ukitaka kutafuta jozi za p na b kwenye hati kama hizo, utatoka mikono mitupu.

Mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na mtu Mombasa aliyeona pengo hili, Mwalimu Sikujua. Alifanya kazi pamoja na mmisionari Mwingereza, William Taylor, na akaongeza alama kwenye herufi za Kiarabu ili zibebe sauti za Kimvita, lahaja ya mji wake. Yaani aliyasikiliza maneno kwanza, kisha akatafuta alama ya kila sauti. Ukifikiria vizuri, hiyo ndiyo kazi ya mtafuta jozi.

Kisha zikaja herufi za Kirumi na utawala wa Waingereza. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kuweka tahajia moja kwa vitabu vya shule. Sasa p na b zikawa mbali, f na v zikawa mbali. Jozi zilizokuwa zimefichwa zikajitokeza. Lakini nyingine zikafichwa papo hapo, na hizi ndizo tamu zaidi.

Chukua neno "tembo." Kamusi itakupa maana mbili: mnyama mwenye mkonga, na pombe ya mnazi. Chukua "paa": mnyama wa porini, na sehemu ya juu ya nyumba. Chukua "kaa": yule wa baharini mwenye magando, na lile la moto. Kwa macho ni neno lilelile mara mbili. Kwa sikio la mzee wa Mombasa au Lamu, ni maneno mawili. Tembo mnyama, paa mnyama na kaa wa baharini huanza na pumzi: baada ya t, p au k kuna hewa inayotoka kwa nguvu kidogo. Pombe, paa la nyumba na kaa la moto hazina pumzi hiyo. Padre Charles Sacleux, Mfaransa aliyekusanya maneno ya pwani kwa miaka mingi, aliitia alama pumzi hii kwenye kamusi yake iliyotoka mwaka 1939. Tahajia ya shule haikuitia.

Pumzi hiyo imetoka wapi? Hapa historia inatusaidia kutafuta, kwa hiyo twende polepole. Angalia wingi wa maneno yanayoanza na u. Ubao, mbao. Ulimi, ndimi. Unaona m na n zimeingia mbele. Sasa ukuta: wingi wake ni "kuta", siyo "nkuta". Upande: "pande", siyo "mpande". Zamani sauti ya puani ilikuwepo hapo pia. Mbele ya p, t, k na ch ikadondoka, lakini haikuondoka bure, iliacha pumzi nyuma yake. Kwa hiyo "kuta" za nyumba zina pumzi, na "kuta" ya kitenzi, kama katika kumkuta mtu nyumbani, haina. Jozi nyingine hiyo, na kamusi haikukwambia.

Kutokana na hayo tunapata njia ya kuzitafuta. Ukikuta neno moja lenye maana mbili na linaanza na p, t, k au ch, uliza wingi wake. Makaa mawili ya moto, lakini kaa wawili wa baharini. Mapaa mawili ya nyumba, lakini paa wawili porini. Lile linalochukua ma- kwa kawaida halina pumzi, na lile lisilobadilika lilikuwa na sauti ya puani zamani, kwa hiyo huenda lina pumzi. Nasema huenda, kwa sababu maneno ya kukopa hayafuati njia hii kila mara, na kwa sababu wasemaji wengi wa leo, hasa waliokulia mbali na pwani, hawatofautishi kabisa. Wao "tembo" ni moja, na Kiswahili chao hakina kasoro.

Hata jozi zinazoonekana kwenye kamusi zina mtego wake. Ukilinganisha herufi kwa herufi, "dhana" na "zana" zitakupita, kwa kuwa moja ina herufi tano na nyingine nne. "Thamani" na "samani" vilevile. Kwa hiyo kabla hujaanza, kila dh, th, gh, sh, ch, ng na ng' iandike kwa alama moja, ndipo ulinganishe. Hapo "ng'oa" ya kung'oa jino na "ngoa" ya wivu zitakaa pamoja. Na "mbuni" itaendelea kukuchenga: ndege mkubwa hutamkwa kwa silabi mbili, mbu-ni, na mti wa kahawa kwa silabi tatu, m-bu-ni. Tahajia ni ileile.

Sasa tufanye zoezi moja mpaka mwisho, la tembo na tembo. Mtafute bibi au mjomba wa pwani. Usimwambie unatafuta nini, maana ukimwambia atatia chumvi. Mwonyeshe picha, ya mnyama au ya kibuyu cha pombe, na umwombe aseme: "Nimesema tembo tena." Sentensi iwe hiyohiyo kila mara. Akisema "tembo huyu" au "tembo hili", sarufi imeshatoa jibu na sikio halikufanya kazi. Mrekodi mara 20, 10 kwa kila picha, ukiwa umezichanganya.

Kabla ya kujipima wewe, mpelekee rekodi mzee mwingine wa mji uleule, asikilize bila picha. Anayebahatisha atapata kama 10 kati ya 20. Akipata 15 au zaidi, ni vigumu kusema ni bahati, na jozi yako ni hai. Akipata 10 au 11, basi kwa wazee hawa jozi haipo. Iache, hata kama kitabu kinaitaja. Hatua hii ndiyo watu huiruka, halafu wanamfundisha mtoto tofauti ambayo nyumbani kwao hakuna anayeisema.

Ikishathibitika, ni zamu yako. Kusikia kwanza, kusema baadaye. Kwenye kusema, shikilia kipande chembamba cha karatasi mbele ya midomo, na utumie "paa" badala ya "tembo", kwa kuwa p hupeperusha karatasi vizuri zaidi. Kwa mnyama karatasi iruke, kwa nyumba itulie. Wale wa Kiingereza watagundua jambo la kuchekesha: kwao karatasi inaruka kila mara. Kiingereza huitia pumzi p, t na k mwanzoni mwa neno bila kuuliza, kwa hiyo kila nyumba wanayoitaja imeezekwa kwa swala. Kazi yao ni kujifunza kuizuia pumzi. Dawa wanayo tayari: kwa Kiingereza p inayofuata s haina pumzi. Aseme "spaa" mara kadhaa, kisha aiondoe s polepole huku karatasi ikiwa imetulia.

Kuna jozi moja zaidi ambayo lazima niiseme, kwa sababu ndiyo inayoleta maneno kwenye familia zetu: l na r. "Mahali" na "mahari." "Fahali" na "fahari." "Kula" na "kura." Lugha nyingi za bara hazitenganishi sauti hizi mbili, na mzazi aliyekua na lugha hizo huenda akasema "mahari pazuri" huku akimaanisha sehemu nzuri. Ukimpima kwa zoezi letu atapata kama 10 kati ya 20, sawa kabisa na mimi nikipimwa kwa lugha ya mama yake. Kwa hiyo kwa jozi hii mtafute msemaji mwingine, na mzazi mwachie kurekodi jozi anazozimiliki: pika na piga, fua na vua. Orodha ya jozi za nyumbani kwenu ianze na sauti zinazosikika humo ndani. Andika pembeni ya kila jozi nani ameirekodi na amekulia wapi, ili atakayeisikiliza baadaye ajue ni Kiswahili cha mji gani.