Kemia: Haidrojeni hujiunga na kaboni ipi?

KUNA swali la kemia linaloweza kumpokonya mtahiniwa wa Kidato cha Nne alama mara mbili: but-1-eni ikichanganywa na gesi ya haidrojeni bromaidi, ni kitu gani kitakachopatikana, na kiitweje?

But-1-eni ina kaboni nne katika mnyororo mmoja, na kati ya kaboni ya kwanza na ya pili pana kifungo maradufu:

CH3CH2CH=CH2

Kifungo hicho hufunguka nusu, haidrojeni ikashika kaboni moja na bromini ikashika ya pili yake. Utata ni kujua nani aende wapi.

Jawabu lilitolewa mwaka 1870 na Vladimir Markovnikov, mwanakemia wa Urusi. Haidrojeni huiendea ile kaboni ambayo tayari ina haidrojeni nyingi zaidi. Hapa kaboni ya mwisho inazo mbili na jirani yake inayo moja. Kwa hiyo haidrojeni hutua mwishoni, na bromini hubaki kwa jirani:

CH3CH2CHBrCH3

Sababu ni kwamba haidrojeni hutangulia kujiunga, na kaboni iliyoachwa hubaki na chaji chanya kwa muda mfupi. Chaji hiyo hutulia zaidi kwenye kaboni iliyoshikana na kaboni mbili kuliko kwenye ile ya pembeni, iliyoshikana na moja tu. Bromini, yenye chaji hasi, huifuata hapo.

Sasa jina. Kaboni ni nne na kifungo maradufu hakipo tena, hivyo msingi wa jina ni butani. Fomula ilivyoandikwa, anayehesabu kutoka kushoto huikuta bromini kwenye kaboni ya tatu, akaandika 3-bromobutani. Hilo ni kosa. Hesabu huanzia upande unaoipa bromini nambari ndogo, nao hapa ni kulia. Jina sahihi ni 2-bromobutani.

Mtahiniwa anaweza kujikagua kwa kuhesabu atomu. C4H8 ikijumlishwa na HBr huwa C4H9Br, wala hakuna kinachobaki nje. Aliyeandika kwamba gesi fulani imetoka pembeni amechanganya mambo: hayo hutokea butani inapokutana na bromini penye mwanga, ambapo atomu moja hufukuzwa ili nyingine iingie.

Kanuni hii ina mipaka. Katika but-2-eni, kaboni zote mbili za kifungo zina haidrojeni moja moja, hivyo hakuna la kuchagua. 2-bromobutani hupatikana vyovyote vile. Aidha, mwaka 1933 Morris Kharasch na Frank Mayo walionyesha kwamba haidrojeni bromaidi hugeuza mwelekeo penye peroksaidi. Hapo but-1-eni hutoa zaidi 1-bromobutani. Kwa hiyo swali likitaja peroksaidi, jibu nalo hubadilika.