Masalio anzia: kuhamisha hesabu kwenye programu mpya

Masalio anzia ni kiasi kinachobaki katika kila akaunti ya biashara siku inapoacha mfumo mmoja wa hesabu na kuanza mwingine. Fedha iliyomo benki, madeni ya wateja, madeni ya wauzaji, mali iliyoko stoo, mkopo na mtaji vyote huvuka mpaka huo, na vinapaswa kutua upande wa pili kwa thamani ileile. Mapato na matumizi ya mwaka uliofungwa hayavuki. Yamekwisha kuingia katika faida iliyolimbikizwa.

Kazi hii ni ya kale kuliko kompyuta. Luca Pacioli, katika kitabu chake kilichochapwa Venisi mwaka 1494, alieleza namna ya kuhamisha akaunti kutoka leja iliyojaa kwenda leja mpya. Mwenye hesabu hushika leja, msaidizi hushika jarida na kusoma ingizo kwa sauti, na kila linalokutwa sawa huwekewa alama. Msingi haujabadilika: anayehakiki hashughuliki na jumla pekee, anapita mstari kwa mstari kutoka chanzo kimoja hadi kingine.

Siku bora ya kuhama ni mwanzo wa mwaka wa hesabu. Anayehama katikati ya mwaka hulazimika kuvusha pia mauzo na gharama za miezi iliyopita, vinginevyo taarifa ya faida ya mwaka itakuwa na pengo. Kabla ya kugusa programu mpya, mfumo wa zamani hufungwa na kuchapwa nakala za tarehe moja: urari, orodha ya ankara ambazo wateja hawajalipa, orodha ya ankara za wauzaji ambazo hazijalipwa, hesabu ya stoo, na usuluhishi wa benki. Zikitofautiana tarehe hata kwa siku moja, hazitalingana kamwe.

Tuchukue mfano wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi nchini Tanzania linalofunga mwaka tarehe 31 Desemba 2024. Urari wake, kwa shilingi, ni huu:

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---|---|
| Fedha taslimu | 1,350,000 | |
| Benki | 18,640,000 | |
| Wadaiwa (wateja) | 24,800,000 | |
| Bidhaa stoo | 61,200,000 | |
| Gari na vifaa | 36,000,000 | |
| Limbikizo la uchakavu | | 13,500,000 |
| Wadai (wauzaji) | | 31,450,000 |
| VAT ya kulipwa | | 2,040,000 |
| Mkopo wa benki | | 20,000,000 |
| Mtaji | | 50,000,000 |
| Faida iliyolimbikizwa | | 25,000,000 |
| Jumla | 141,990,000 | 141,990,000 |

Mtu asiyezoea atataka kuandika mistari yote hii katika ingizo moja, kisha aingize ankara za wateja. Hapo wadaiwa watahesabiwa mara mbili: mara ya kwanza kwa jumla, mara ya pili kwa ankara mojamoja, na akaunti itasoma 49,600,000. Akaunti yoyote yenye orodha nyuma yake, yaani wadaiwa, wadai, stoo na benki, huingizwa kupitia orodha yake tu. Zilizobaki ndizo huingia kwa ingizo la pamoja.

Kinachounganisha pande hizo ni akaunti ya mpito. Katika QuickBooks jina lake kwenye skrini ni “Opening Balance Equity”. Xero huweka tofauti kwenye “Historical Adjustment”, na Tally huionyesha katika mizania kama “Difference in opening balances”. Kwa duka letu, ingizo la pamoja lina debiti za 37,350,000 (taslimu na gari) na krediti za 110,540,000 (uchakavu, VAT, mkopo, mtaji na faida). Tofauti ya 73,190,000 inakaa upande wa debiti wa akaunti ya mpito. Benki, wadaiwa na bidhaa zinapoingia, akaunti hiyo hupata krediti ya 104,640,000. Wadai wanapoingia, hupata debiti ya 31,450,000. Ukijumlisha, inabaki sifuri. Isiposoma sifuri, kuna kitu hakijavuka au kimevuka vibaya.

Lakini sifuri peke yake si ushahidi, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Tuseme baada ya kuingiza kila kitu akaunti ya mpito inasoma krediti ya 2,040,000. Kiasi hicho ni sawasawa na VAT ya kulipwa, na kama VAT ingesahauliwa ndivyo hasa ambavyo akaunti ingesoma. Mhasibu mwenye haraka ataamua kwamba VAT haikuingia, ataiandika, akaunti itarudi sifuri na urari utalingana. Kumbe VAT ilikuwemo tangu mwanzo. Sasa duka linaonyesha deni la kodi la 4,080,000, na makosa mawili ya kweli yamezikwa chini yake.

Njia salama ni kuacha salio la mpito kwanza na kulinganisha kila akaunti na urari wa zamani. Ukifanya hivyo hapa, unakuta kasoro ziko mahali pawili. Wadaiwa wanasoma 26,570,000 badala ya 24,800,000, zimezidi 1,770,000. Wadai wanasoma 31,180,000 badala ya 31,450,000, zimepungua 270,000. VAT haina tatizo lolote.

Kila tofauti ina sura yake. Ile ya wadaiwa, ukiigawa kwa mbili, ni 885,000. Kugawa kwa mbili ni jaribio la kiasi kilichoingia upande usio wake, kwa kuwa kosa la namna hiyo hukuza tofauti mara dufu. Katika orodha ya zamani kuna mteja aliyelipa 885,000 kabla ya kuchukua mzigo, na karatasi imeandika kiasi hicho ndani ya mabano kuonyesha kwamba duka ndilo linalodaiwa. Faili lilipoandaliwa mabano yalifutwa, na malipo yake yakageuka deni. Ile ya wadai, 270,000, inagawanyika kwa 9 bila kubakiza, na hiyo ni dalili ya tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Ukipitia ankara za wauzaji unaikuta moja ya 1,740,000 iliyoandikwa 1,470,000. Majaribio haya hayathibitishi kosa, yanaonyesha tu pa kuanzia kutafuta. Makosa mawili yakichanganyika katika akaunti moja, majaribio hayo hayafai kitu, na hakuna njia nyingine ila kuweka alama ankara kwa ankara.

Faili la kuingiza huandaliwa hivi, kiasi hasi kikiwa na alama ya kutoa na si mabano:

```
Mteja,Ankara,Tarehe,Kiasi
C-0142,INV-2217,2024-11-04,1416000
C-0142,INV-2240,2024-11-23,826000
C-0087,RCT-0915,2024-12-18,-885000
```

Tarehe imeandikwa kwa kuanza na mwaka kwa sababu maalumu. Programu iliyowekwa kusoma mwezi kwanza ikikutana na 4/11/2024 huielewa kuwa 11 Aprili, na ikikutana na 23/11/2024 huikataa kwa kuwa hakuna mwezi wa 23. Ankara iliyokataliwa utaigundua kwa jumla kupungua, au kwa kuhesabu mistari iliyotoka na iliyoingia. Ile iliyopokewa kwa tarehe mbaya ni hatari zaidi, maana kiasi chake ni sahihi na jumla hailalamiki. Itajitokeza tu ukichapa ripoti ya umri wa madeni katika mifumo yote miwili na kuziweka bega kwa bega: deni la miezi miwili limehamia safu ya miezi minane, na mteja mwaminifu anapigiwa simu kama mdaiwa sugu.

Vivyo hivyo, jumla ya wadaiwa inaweza kulingana huku madeni yakiwa kwa watu wasio wao. Wateja wawili wenye majina yanayokaribiana wakiunganishwa kuwa mmoja, hakuna shilingi inayopotea, ila taarifa ya deni atakayopelekewa mmoja itabeba mzigo wa mwenzake. Kwa hiyo uhakiki wa wadaiwa hukamilika pale salio la kila mteja linapolingana. Kwa wadaiwa wakubwa inafaa pia kuwapelekea taarifa wathibitishe wenyewe.

Benki ina mtego wake. Taarifa ya benki ya siku hiyo inaonyesha 21,140,000, wakati leja inasema 18,640,000. Zote ni sahihi: kuna hundi ya 3,300,000 aliyopewa muuzaji ambayo haijapita benki, na fedha ya 800,000 iliyopelekwa jioni bila kuonekana bado. Ukiingiza 21,140,000 peke yake, hundi itakapopita Januari itaonekana ni malipo mapya, ilhali deni la muuzaji huyo lilishaondolewa Desemba. Ukiingiza 18,640,000 kama kiasi kimoja, usuluhishi wa Januari hautakuwa na kitu cha kulinganisha na hundi hiyo. Kinachofaa ni kuingiza 21,140,000 kama salio lililosuluhishwa, kisha hundi na fedha iliyo njiani kila moja kwa tarehe yake, ili leja ifike 18,640,000.

Ankara za zamani zinapoingia, upande wake wa pili uwe akaunti ya mpito, usiwe mauzo. Kiasi kiwe kizima pamoja na kodi, lakini bila alama ya kodi, kwani VAT yake imekwisha kutangazwa na salio lake limo katika 2,040,000. Ankara ya 1,416,000 yenye VAT ya asilimia 18 ikiingizwa na alama hiyo, 216,000 zitatokea tena katika hesabu za kodi. Kama programu imeunganishwa na mashine ya EFD Tanzania, au na eTIMS ya Kenya, muunganisho huo ukatwe mpaka uingizaji uishe, isije ikatoa risiti mpya za mauzo ya mwaka jana.

Kwa stoo, idadi ikizidishwa kwa gharama ya kila bidhaa lazima ifike 61,200,000. Tofauti ya shilingi chache hutokana na gharama ya wastani iliyokatwa desimali, na inaweza kupelekwa gharama ya mauzo kwa maelezo. Bidhaa yenye idadi hasi haihamishwi hivyo, huhesabiwa kwanza ghalani.

Masalio yakishalingana, kipindi cha hadi 31 Desemba 2024 hufungwa kwa nywila ili pasiwe na anayeingiza kitu nyuma ya mpaka. Hufunguliwa kwa sababu moja tu: wakaguzi wanapomaliza kazi miezi kadhaa baadaye na kuleta marekebisho, mathalani ya uchakavu. Marekebisho hayo huandikwa katika mifumo yote miwili kwa tarehe ya mwisho wa mwaka, na urari hulinganishwa upya. Nakala zilizosainiwa na aliyehamisha na aliyehakiki, ambao wasiwe mtu mmoja, hukaa pamoja na data ya mfumo wa zamani. Sheria ya kodi ya Tanzania inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5, hivyo mfumo wa zamani uendelee kuweza kufunguliwa na kuchapwa kwa muda wote huo.