Bati Moja Kila Mtu

Ukipita vijiji vya Nyeri na Murang'a leo, hauoni ajabu yoyote kwa paa la mabati. Lakini wamama waliozeeka huko wanajua ni paa gani lilinunuliwa na mzee wa boma na lipi lilitoka kwa kikundi. Katika miaka ya 1960 na 1970, vikundi vya wanawake vya Mkoa wa Kati vilijulikana kama vikundi vya mabati, maana kazi yao ya kwanza ilikuwa kuezeka nyumba za wanachama, moja baada ya nyingine. Wengi husimulia hadithi hiyo kama hadithi ya nyumba nzuri. Mimi naisoma kama hadithi ya mtaji, na hasa ya ujanja mmoja: zamu yako ikifika, haukupewa pesa. Ulipewa kitu.

Kwa nini wasipeane tu shilingi mkononi, kama merigoraundi ya siku hizi? Jibu linaanza kwa ardhi. Mpango wa Swynnerton wa 1954, uliotolewa vita vya Mau Mau vikiendelea, uliunganisha vipande vya mashamba na kuviandikisha kwa hati. Hati nyingi ziliandikwa kwa majina ya wanaume. Mpango huo huo ulifungulia Waafrika wengi zaidi kilimo cha kahawa na ng'ombe wa gredi, lakini malipo ya kahawa yalipitia chama cha ushirika, na mwanachama huko mara nyingi alikuwa yule mwenye shamba. Kwa hivyo mama analima, anapalilia, anachuma, halafu malipo yanaingia kwa jina la mzee. Benki nayo inataka hati ndiyo itoe mkopo. Hati hana.

Kilichobaki mikononi mwake ni nguvu zake na majirani. Ngwatio, ile desturi ya Wakikuyu ya kulimiana mashamba kwa zamu, ilikuwepo kitambo. Wamama waliigeuza kidogo tu. Badala ya kulimiana peke yake, walienda kama kikosi kulima au kuchuma kahawa kwa mashamba ya wenye uwezo, na malipo yakaingia kwa kikundi. Wengine waliongezea kwa kuimba na kucheza wageni wakija. Shosho yangu alikuwa kwa kikundi kama hicho, na nilipomuuliza nani alishika pesa, alicheka. "Mjukuu wangu, pesa ilishikwa na duka. Sisi tulishika mabati."

Hesabu yao ilikuwa rahisi vile inaweza kushikwa kichwani. Chukua wanawake 20, na nyumba ya kawaida inayohitaji mabati kama 20. Kila mmoja analeta bei ya bati moja kwa kila zamu. Watu 20, mabati 20, paa moja. Wajumbe wawili au watatu wanaenda sokoni pamoja, wanalipa, wanarudi na mzigo, na siku hiyo hiyo fundi anaanza kugongomea. Bati likishapigwa msumari, si rahisi kwa mzee kuling'oa ati aende kulinywa. Noti ingekuwa imepotea kabla jua lizame.

Kuna faida nyingine ambayo mimi naona ndiyo kubwa, ingawa huzungumzwa kidogo. Ahadi ya kikundi ilikuwa paa, si kiasi fulani cha shilingi. Kila mzunguko una mtu wa mwisho, na mtu wa mwisho ndiye huumia bei zikipanda. Bei zilipanda kweli, hasa baada ya mafuta kuruka mwaka wa 1973. Bati likipanda kwa robo, mchango uleule wa watu 20 unanunua mabati 16, na paa la mabati 16 ni paa lenye shimo. Kwa merigoraundi ya pesa, huyo wa mwisho anapokea shilingi zilezile na kuambiwa asante. Kwa kikundi cha mabati, deni linabaki la wote: wanaongeza siku ya kupalilia mpaka yale manne yapatikane. Shosho alikuwa wa 17 kwenye foleni yao. Anasema hakuwa na wasiwasi, lakini alihesabu misumari ya kila nyumba iliyomtangulia.

Sasa, paa linaletaje mapato? Peke yake haliletii mtu kitu. Linaleta maji. Nyasi hainyeshi maji safi. Yanatoka ya kahawia na kunuka moshi, na kibanda cha mviringo hakishiki mfereji vizuri. Mabati yalilazimisha nyumba iwe na pembe nne, na ukingo ulionyooka unaweza kufungwa mfereji. Milimita moja ya mvua kwa mita moja ya mraba ni lita moja. Paa linalofunika mita 7 kwa 5, mvua ya milimita 20 ikinyesha, linapokea lita kama 700. Shida ni kwamba pipa la kawaida linabeba lita 200. Yaani manze, lita 500 zinamwagika ukiangalia. Ndiyo sababu vikundi vingi vilipomaliza mabati havikuvunjika. Vilianza mzunguko wa pili, wa matangi.

Na mzunguko wa tatu ukawa ng'ombe wa gredi. Hapo ndipo doo ilipokuwa, na mpangilio huo una sababu yake. Ng'ombe anayekamuliwa hunywa lita 50 au zaidi kwa siku. Bila tangi, pipa lako lote ni siku nne, halafu mama anarudi mtoni kumbebea ng'ombe maji mgongoni, na masaa ya kulima na kukata nepia yanaisha njiani. Waliorukia ng'ombe kabla ya maji waliiona mapema Januari: maziwa yanapungua ingawa lishe ipo. Kitu kingine kilichowaumiza ni ndigana, ugonjwa wa kupe. Ng'ombe wa kienyeji aliweza kuvumilia. Wa gredi asiyepelekwa josho alivimba tezi chini ya sikio, akapata homa, na mara nyingi akafa. Kikundi kilichokuwa na akili kilitenga pesa ya dawa kabla ya kununua mnyama wa kwanza.

Hata hivyo jina la mzee halikuondoka. Maziwa ya asubuhi ya shosho yalienda kwa ushirika, na malipo yake yakaja kwa akaunti ya babu. Ya jioni aliuzia majirani, kwa chupa, pesa taslimu. Hayo ya jioni ndiyo yalikuwa biashara yake ya kwanza, na ndiyo yaliyomlipia mama yangu karo ya kidato cha kwanza.

Zamu ya siku hizi huingia kwa simu, na kama una deni la Fuliza, hilo hukatwa kwanza kabla hata haujasoma ujumbe. Chama chetu cha watu 11 hakitumii mtu pesa ya vifaa. Mwezi uliopita zamu ilikuwa ya kijana anayetaka kuanza kinyozi. Mweka hazina na mwanachama mwingine waliandamana naye hadi Luthuli, wakajaribu mashine dukani ikiwa imewashwa, wakamlipa mwenye duka moja kwa moja. Ilibaki mia nne. Akanunuliwa spiriti, pamba na kioo kidogo.